Pole, Polepole na Allegretto

Juu ya ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili ya Simfoni ya 7 ya Beethoven kuna neno moja la kumwelekeza mpigaji: Allegretto. Ni neno la Kiitaliano, na ukilivunja linaeleweka upesi kwa mtu wa Kiswahili, kwa sababu Waitaliano nao wana namna yao ya kudogosha kitu. Sisi tunaweka ki- mbele, mlima ukawa kilima. Wao wanaweka -etto nyuma. Allegro ni changamfu, yenye furaha. Allegretto basi ni uchangamfu uliopunguzwa kimo, furaha iliyofanywa kifuraha. Kisha okestra inaanza, na kinachotoka hakifanani na furaha ya kimo chochote. Ni noti moja ndefu, mbili fupi, mbili ndefu. Moja ndefu, mbili fupi, mbili ndefu, katika sauti za chini, katika ngazi ya maina, kama watu wanaopita barabarani bila kusemezana.

Wengi waliowahi kuusikia muziki huu bila kuujua jina wameusikia mahali pa huzuni au pa uzito. Waliotazama ile filamu ya mwaka 2010 kuhusu Mfalme George wa Sita wa Uingereza, yule mwenye kigugumizi, wameusikia chini ya hotuba yake ya kutangaza vita redioni. Waongozaji wengi wakubwa wa karne iliyopita waliupiga kwa namna inayokubaliana na uzito huo: taratibu, kwa heshima, kwa kuvuta. Nami kwa muda mrefu nimekuwa na ugomvi na namna hiyo. Si ugomvi wa mtu anayetaka sheria ifuatwe kwa sababu ni sheria. Ninaamini kwamba ukiupiga taratibu, huzuni yenyewe inapungua.

Lakini tuanze na neno, kwa sababu mwenye neno mwenyewe hakuliamini.

Mwaka 1813 Beethoven alikuwa akitayarisha nyimbo za watu wa Uskochi kwa ajili ya mchapishaji wa Edinburgh aliyeitwa George Thomson. Katika barua yake alimwomba jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa piano angecheka kulisikia kutoka kwa mtu kama yule: kwamba siku nyingine akikuta neno andantino katika nyimbo hizo, amweleze kama maana yake ni haraka zaidi ya andante au taratibu zaidi. Lilikuwa swali la haki kabisa. Andante linatokana na kitenzi cha Kiitaliano andare, kwenda, ni "inayokwenda". Sisi tunasema mwendo, nalo limetoka katika kwenda, kwa hiyo tuko nyumbani. Sasa idogoshe andante iwe andantino. Je, umedogosha kwenda, kwa hiyo inakwenda kidogo, taratibu zaidi? Au umedogosha utaratibu wa andante, kwa hiyo ni nyepesi zaidi, ya haraka zaidi? Jibu linategemea kama unafikiri andante ni muziki unaokwenda au muziki uliopoa. Katika karne ya 18 mtunzi aliyeandika "più andante", andante zaidi, kwa kawaida alitaka ukaze mwendo. Baadaye neno likapoa mdomoni mwa watu. Leo ukimuuliza mwanakwaya wa kwetu andante ni nini atakuambia: polepole. Nimeona hata karatasi za kwaya zilizotolewa kopi mara nyingi mpaka noti zimefifia, na pembeni ya Andante mtu ameandika kwa kalamu ya wino, "taratibu".

Miaka minne baada ya barua ile, mwaka 1817, Beethoven aliandika nyingine kwa Ignaz von Mosel huko Vienna, na humo hasira imekomaa. Anayataja maneno manne, allegro, andante, adagio na presto, na kusema amekwisha kufikiri siku nyingi kuyaacha. Anauliza kuna upuuzi gani kuliko allegro, neno ambalo maana yake ni furaha, wakati mara nyingi kipande chenyewe kinasema kinyume chake. Anatenganisha mambo mawili: mwendo ni kama mwili wa kipande, na maneno yanayoeleza tabia yake yanahusu roho. Maneno ya roho anayataka yabaki. Ya mwili anataka yapishe namba.

Namba zilikuwa zimepata chombo. Johann Nepomuk Mälzel, fundi wa mitambo ya muziki, alisajili metronomi yake mwaka 1815, kile kisanduku chenye fimbo inayopiga tik, tik kwa idadi unayoichagua ndani ya dakika moja. Mwishoni mwa 1817 gazeti la muziki la Leipzig likachapisha namba za Beethoven kwa simfoni zake nane alizokuwa amekwisha kuzitunga. Kwa Allegretto yetu namba ni 76: noti za robo 76 kwa dakika. Mtunzi huyohuyo aliyesema ataacha maneno hakuyaacha. Simfoni ya 9, iliyokuja baadaye, imejaa allegro na adagio. Lakini safari hii tunavyo vyote viwili kwa kipande kimoja, neno na namba, na vyote viwili vinasema jambo lilelile: hiki si kipande cha taratibu.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa, maana mabishano mengi ya mwendo hufa mtu akishika saa. Sehemu hii ina vipimo 278, yaani visehemu 278 kati ya mstari wa wima na mstari wa wima, na kila kimoja kina noti mbili za robo. Hiyo ni mapigo 556. Ukiyapiga 76 kwa dakika bila kupumzika, unamaliza kwa dakika 7 na sekunde 19 hivi. Sasa chukua rekodi. Wilhelm Furtwängler, katika rekodi yake maarufu ya Berlin ya mwaka 1943, anatumia karibu dakika 10; wastani wake ni mapigo 56 kwa dakika. Otto Klemperer, katika miaka ya baada ya vita, yuko jirani naye. Carlos Kleiber na Filarmonia ya Vienna, katika rekodi ya miaka ya 1975 na 1976, anatumia dakika 8 na sekunde chache. Huo ni wastani wa 68. Roger Norrington na John Eliot Gardiner, waliokuja mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa miaka ya 90 na okestra zinazotumia vyombo vya aina ya zama za Beethoven, waliichukua namba ya mwenyewe kwa uzito.

Msomaji asiyekuwa na nakala ya noti anaweza kupima mwenyewe. Mwanzoni vyombo vya kupuliza vinapiga pamoja sauti moja ya nguvu inayofifia. Baada yake viola, selo na besi kubwa zinaanza ule wimbo wa mwendo. Anzisha saa hapo, kwenye noti ya kwanza ya wimbo. Utausikia wimbo huo ukipita mara nne, kila mara ukipanda kwenye fidla za juu zaidi, na mara ya nne okestra nzima inalipuka pamoja na tarumbeta na ngoma. Simamisha saa kwenye mlipuko. Kati ya alama hizo mbili kuna vipimo 72, mapigo 144. Kwa mwendo wa Beethoven ni sekunde 114, kabla ya dakika 2 kutimia. Kwa wastani wa Kleiber ni dakika 2 na sekunde 7. Kwa mwendo wa mapigo 56 ni dakika 2 na nusu na zaidi. Ukishapima rekodi tatu kwa njia hii, hutahitaji tena mhakiki kukuambia nani ni taratibu.

Wapo wanaosema metronomi ya Beethoven ilikuwa mbovu, na kwa baadhi ya namba zake hoja hiyo inavutia, kwa sababu vidole vinakataa. Ile sonata kubwa ya piano inayoitwa Hammerklavier ina namba ya kumtoa mpigaji jasho kabla hajakaa. Hapa hoja haina pa kushika. Kwa mwendo wa 76 wanafunzi wa mwaka wa pili wanaupiga wimbo huu bila shida. Mtu anayekwenda taratibu hapa hazuiwi na vidole. Anataka.

Kwa nini anataka? Sababu moja ni njaa. Simfoni hii haina sehemu ya taratibu. Baada ya Allegretto kuna Presto, na baada yake mbio za mwisho. Msikilizaji wa karne ya 19 na ya 20 alizoea simfoni impe mahali pa kukaa na kulia, na kama mtunzi hakumpa, mwongozaji alimtengenezea. Sababu ya pili imo katika lugha, na katika lugha yetu imo waziwazi kuliko nyingine nyingi. Tunampa mfiwa pole. Tunamwambia anayekimbia polepole. Ni neno moja limesemwa mara moja na limesemwa mara mbili. Tumelelewa kuamini, bila mtu kutufundisha, kwamba huzuni ni kitu cha mwendo wa chini, na kwamba anayekwenda haraka mbele ya msiba hana adabu. Kwa hiyo Mswahili akisikiliza rekodi ya Furtwängler hahitaji kuelezwa kitu. Anajisikia amepewa pole.

Hapo ndipo ninapoomba kuleta ushahidi ambao haumo katika vitabu vya muziki. Mimi hupiga tuba katika bendi ya matarumbeta ya kanisa, zile bendi ambazo Walutheri wa kaskazini mwa Tanzania wanazo katika sharika nyingi, na kazi yetu kubwa, kama mjuavyo, ni mazishi. Tunatembea mbele ya jeneza. Kutoka nyumbani hadi kaburini huwa ni mwendo mfupi, kwenye migomba, mara nyingi kwenye mteremko, na mvua ikiwa imenyesha udongo unateleza. Mwenye tuba hana nafasi ya kutazama mbali, kwa hiyo mimi hutazama miguu. Wabebaji hawaendi taratibu. Jeneza ni zito, bega linauma, mbele kuna tope na nyuma kuna watu wanaosukumana. Wanakwenda kwa hatua fupi na za haraka, zaidi ya hatua moja kwa kila sekunde, na wote sita lazima wakanyage pamoja, maana atakayechelewa atamwangusha mwenziwe. Wanaokwenda polepole ni wale wasiobeba kitu, walio nyuma, wenye miavuli. Bendi ikijaribu kupiga kwa mwendo wa wenye miavuli, wabebaji wanatufikia visiginoni. Nimewahi kumsikia mzee mmoja aliyekuwa upande wa mbele wa jeneza akitugombeza kwa sauti ya chini: "Wanangu, kazeni, tutaliangusha."

Sisemi Beethoven alikuwa na jeneza akilini. Hakuandika juu ya ukurasa kwamba ni mazishi. Aliyeandika hivyo katika sehemu ya pili ya Simfoni ya 3 alikuwa yeye huyohuyo, kwa hiyo alijua kuandika akitaka. Ninachosema ni kwamba mapigo 76 kwa dakika ni mwendo wa watu waliobeba, na 56 ni mwendo wa watu wanaotazama. Neno allegretto haliniambii nifurahi. Linaniambia uzito uko begani na bado tunakwenda.

Na muziki wenyewe unalidai hilo mahali maalumu. Wimbo ukipita mara ya kwanza, ni ile midundo mitupu. Mara ya pili, fidla za pili zinauchukua, na chini yake viola na selo zinaanza wimbo mwingine mpya kabisa, mrefu, wenye kupanda na kushuka, kama mtu katika msafara ameanza kuimba peke yake kwa sauti ya ndani. Huo wimbo wa pili ndio moyo wa sehemu yote, na ni mrefu. Kwa mwendo wa 76 unaweza kuuimba kwa pumzi chache kubwa; jaribu, umefanywa kuimbwa. Kwa mwendo wa 56 kila kifungu kinakuwa kirefu kuliko pumzi. Wapigaji wa nyuzi hawapumui kwa vyombo vyao, lakini wana upinde, na upinde nao una mwisho. Ukiisha lazima ugeuke. Ukipunguza mwendo, wanageuza upinde katikati ya sentensi. Wapigaji wa Berlin walijua kuficha mgeuko huo kuliko mtu yeyote, na hata hivyo sikio langu linasikia wimbo ukikatwa vipande, kila kimoja kizuri, kila kimoja kikisubiri kinachofuata.

Baadaye kidogo ngazi inageuka kuwa meja, klarineti na fagoti zinaimba wimbo wa utulivu, na fidla za kwanza zinatiririka chini yake kwa noti tatutatu. Wengi wa wale walioanza taratibu wanajikuta hapa katika matatizo. Mtiririko wa tatutatu ukiwa wa 56 unasinzia. Basi wanakaza mwendo kidogo, au wanaacha usinzie na kuuita ndoto. Lakini sikiliza besi kubwa: zinaendelea kudonoa kwa vidole ule mdundo wa mwanzo, ndefu, fupi fupi, bila kubadilika. Wabebaji hawajasimama. Jua limetoka tu kati ya migomba. Mtu akibadilisha mwendo hapa ametenganisha jua na njia, na mimi husikia kama mkanda umeunganishwa.

Hadi hapa nimesema juu ya neno la mwendo. Neno la pili katika kipande hiki ni crescendo, na nadhani linaumizwa zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini analijua. Waulize wanakwaya: crescendo maana yake ni kupaza sauti. Sivyo. Limetoka katika crescere, kukua, na umbo lake ni la tendo linaloendelea. Kiswahili kinalibeba vizuri kuliko lugha nyingi kwa kiambishi chetu -ki-. Crescendo ni "ikikua". Mtoto akikua si mtu mzima. Mahali neno lilipoandikwa ndipo kukua kunapoanza, kwa hiyo mahali hapo sauti bado ni ndogo kuliko itakavyokuwa popote mbele. Walimu wazuri wa muziki wana mzaha wa zamani, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwongozaji Hans von Bülow, kwamba ukiona neno crescendo piga kwa upole, na ukiona diminuendo piga kwa nguvu. Ni mzaha wenye sarufi sahihi.

Katika Allegretto neno hili linakuja wimbo unapopita mara ya tatu, na limeongezewa poco a poco, kidogo kidogo. Wakati huo Beethoven amekwisha kuifanya sauti ikue bila neno lolote: mara ya kwanza wapigaji wa chini tu, mara ya pili zimeongezeka fidla za pili, mara ya tatu fidla za kwanza. Idadi ya watu peke yake inakuza sauti. Juu ya hapo ndipo anaongeza "ikikua, kidogo kidogo", na mbele, mara ya nne, ff, kwa nguvu sana, okestra yote. Kupita kwa tatu kuna mapigo 48. Kwa mwendo wa 76 ni sekunde 38. Kukua kwenyewe kumepewa karibu muda huo wote.

Kinachoharibika ni hiki. Wapigaji wanaona neno na mkono unaongeza palepale. Baada ya sekunde 15 wamefika kwenye nguvu, na bado kuna sekunde 20 na zaidi za kwenda. Hakuna tena pa kukua, kwa hiyo wanafanya mojawapo ya mambo mawili: wanakaa palepale juu, na ule mlipuko wa mara ya nne unafika kama mgeni aliyekwisha kuonekana kutoka mbali, au, nguvu ikiwa imekwisha, wanakimbilia mwendo. Kuongeza sauti na kuongeza mwendo ni ndugu wa karibu katika mwili wa binadamu. Katika bendi yetu tukiambiwa paza, tunakimbia. Tukiambiwa kimbia, tunapaza. Okestra kubwa zinaficha hili vizuri zaidi yetu, lakini saa haidanganywi. Pima kupita kwa tatu peke yake na kulinganisha na kupita kwa kwanza. Kama kupita kwa tatu ni kufupi kwa sekunde 3 au 4, mwongozaji ameazima mwendo kulipia sauti. Na kinyume chake kipo pia, wale wanaolegeza mwendo kabla ya mlipuko ili uonekane mkubwa. Huyo naye ameazima.

Tunaye shahidi wa jinsi Beethoven mwenyewe alivyotaka kukua kuwe, na alikuwa kati ya fidla siku kipande hiki kilipopigwa mara ya kwanza. Ilikuwa tarehe 8 Desemba 1813, Vienna, katika tamasha la kuchangia askari waliojeruhiwa kwenye vita vya Hanau. Aliyekuwa nyuma ya tamasha hilo ni Mälzel yuleyule, miaka miwili kabla ya kusajili metronomi. Allegretto ilipendwa mpaka ikabidi irudiwe palepale. Mpiga fidla huyo ni Louis Spohr, naye mtunzi, na katika kumbukumbu za maisha yake anaeleza jinsi Beethoven alivyoongoza. Palipotakiwa upole alijikunja, na kadiri alivyotaka upole zaidi ndivyo alivyozidi kushuka. Crescendo ikianza, aliinuka kidogo kidogo. Nguvu ilipofika aliruka juu. Spohr anakumbuka pia mara moja ambapo Beethoven, ambaye masikio yalikuwa yamekwisha kumwacha, alipotelewa na hesabu, akajikunja, akainuka, akaruka, na okestra ilikuwa bado katika upole kabisa. Alitazama huku na huku kwa hofu mpaka nguvu ilipokuja kweli, na yeye akaisikia.

Siwezi kuisoma habari hiyo bila kuona neno limefanywa mwili. Crescendo inaanzia chini, karibu na sakafu. Mtu aliyekwisha kusimama wima hana pa kuinukia. Nilipoifikisha habari hii kwa wenzangu wa bendi, mpiga tarumbeta wetu wa kwanza, kijana mwembamba, alichuchumaa katikati ya mazoezi akaanza kuinuka huku akipiga. Tulicheka sana, na kwa mara ya kwanza hakufika juu kabla yetu.

Sasa nirudi kwa waongozaji, maana haki yao haijakamilika. Namba 76 haimalizi kila kitu. Ukumbi wenye mwangwi mkubwa unakula noti fupi, na okestra ya watu wengi wenye nyuzi za kisasa hutoa sauti nene inayohitaji nafasi zaidi kusafishika. Nimesikiliza rekodi zinazofuata namba kwa uaminifu na zikaniacha mkavu, kwa sababu midundo imekuwa ya mwanajeshi: kila noti sawa, hakuna bega, hakuna tope. Hapo namba imefuatwa na roho, ile ambayo Beethoven alimwandikia Mosel kwamba ina maneno yake, imeachwa mlangoni. Na ingawa nimesema vibaya juu ya mwendo wa Furtwängler, kupita kwake kwa kwanza, zile sauti za chini katika Berlin ya mwaka wa vita, kunatisha kwa namna ambayo hakuna mwenye metronomi aliyenitisha. Ninaikubali rekodi hiyo kama ushahidi wa mahali na mwaka ule. Siikubali kama jibu la neno lililoandikwa.

Ninayemrudia ni Kleiber. Yuko chini ya namba kwa mapigo 8, si mtumwa wake, lakini anakwenda. Wimbo wa viola na selo unapita kwake bila kukatika, na besi zinazodonoa chini ya klarineti zina mwendo uleule wa mwanzo. Katika kupita kwa tatu anazishikilia fidla chini kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia nikiwa nimekaa. Mwishoni kabisa, wimbo unapovunjwavunjwa na kugawiwa, vipande viwili kwa hawa, vipande viwili kwa wale, fidla zake zinamalizia kwa kudonoa kwa vidole mahali ambapo wengine hurudisha upinde. Ni uamuzi aliourithi kwa baba yake, Erich, na unabishaniwa. Kisha vyombo vya kupuliza vinaipiga tena ile sauti moja ya mwanzo, ya nguvu, inayofifia, isiyokaa juu ya msingi wake. Juu yake Beethoven hakuandika neno lolote la kusema msafara umefika wapi.